Sura ya Sita: Bei Iliyolala

Ukifungua chati ya hisa ya TBL katika Soko la Hisa la Dar es Salaam na kurudi nyuma hadi miaka ya karibu na 2020, utakutana na mstari ulionyooka kwenye shilingi 10,900. Unaendelea mwezi baada ya mwezi bila kupanda wala kushuka. Hisa ya kampuni ya sigara, TCC, nayo ilikaa hivyo hivyo kwenye 17,000. Vodacom, ambayo iliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baadaye ilitulia kwenye 770 kwa muda mrefu. Katika miaka hiyo bia iliuzwa, kodi zilibadilika, gawio lililipwa, ugonjwa wa korona ukaja na kufunga baa sehemu nyingi duniani, na mstari haukutikisika.

Mtu aliyejifunza kusoma chati kwa vitabu vya New York akiona mstari wa namna hiyo atasema hisa imetulia, haina hatari, na inajikusanyia nguvu kabla ya kupanda. Hayo yote hayapo kwenye mstari ule. Unachoeleza ni kwamba mara ya mwisho mtu fulani alipomuuzia mwenzake, walikubaliana bei hiyo, na tangu hapo hakuna waliokubaliana bei nyingine. Kompyuta haipendi kuacha siku tupu, kwa hiyo inachukua bei ya jana na kuiandika kuwa ya leo, na kesho inaandika tena. Bei ya Februari inaweza kuwa bado inaonyeshwa Mei, ikiwa na tarehe ya Mei.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu chati ya soko dogo, basi, ni kwamba sehemu kubwa ya nukta zake si bei. Ni nakala za bei. Kazi ya msomaji ni kutenganisha nakala na biashara halisi, na kazi hiyo haihitaji hesabu ngumu. Inahitaji safu ya kiasi kilichouzwa. Pale ambapo kiasi ni sifuri, bei iliyoandikwa ni kumbukumbu tu. Kwenye chati ya mishumaa siku hizo hujionyesha zenyewe: mshumaa hauna mwili wala utambi, ni kistari kimoja cha kulala, kwa sababu bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia zote ni namba moja. Vistari kumi mfululizo vya namna hiyo, vyenye kiasi sifuri, ni siku kumi ambazo huna habari yoyote mpya, ingawa jicho linaona wiki mbili za utulivu.

Sababu ya kulala huku haifichiki ukitazama nani anamiliki nini. TCC ina hisa milioni 100, na milioni 75 kati ya hizo ziko mikononi mwa kampuni mama, Japan Tobacco, ambayo haina nia ya kuziuza. Katika milioni 25 zinazobaki, sehemu nzuri imeshikwa na mifuko ya pensheni, taasisi, na wazee walionunua zamani na kuweka vyeti kabatini kwa ajili ya gawio. Zinazozunguka kweli ni chache mno. Siku ambayo mtu anataka kuuza, huenda asiwepo mtu anayetaka kununua, na hapo ndipo linapoanza suala la pili, ambalo kwa maoni yangu limewapotosha watu wengi kuliko hata bei iliyolala.

Katika soko lolote la hisa kuna bei mbili kwa wakati mmoja. Ipo bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi aliyepanga foleni yuko tayari kulipa, na ipo bei ya chini kabisa ambayo muuzaji aliyepanga foleni yuko tayari kupokea. Kati yao kuna pengo. Kwenye hisa inayouzwa kila sekunde pengo hilo ni dogo kiasi cha kutojali. Kwenye hisa inayouzwa mara tatu kwa wiki, pengo linaweza kufika asilimia 4, 8, hata zaidi. Chati ya kawaida haionyeshi bei hizi mbili. Inaonyesha tu biashara ya mwisho ilifanyika upande gani wa pengo. Mwenye haraka ya kununua hulipa bei ya muuzaji, na nukta inaruka juu. Mwenye haraka ya kuuza hupokea bei ya mnunuzi, na nukta inadondoka chini. Kampuni haijapata faida wala hasara. Ni haraka tu imebadilisha mkono.

Tuchukue kampuni ya mfano, niliyoitunga kwa ajili ya sura hii, yenye hisa milioni 50. Mnunuzi wa juu kabisa anatoa shilingi 390 na anataka hisa 8,000. Muuzaji wa chini kabisa anadai 405. Pengo ni shilingi 15, chini kidogo ya asilimia 4. Tuitazame kwa wiki mbili, na tuseme katika wiki zote mbili hakuna aliyebadili bei yake kwenye foleni.

Jumatatu mtu ananunua hisa 200 kwa 405. Jumanne kimya. Jumatano mtu mwingine anauza hisa 1,500 na kupokea 390. Alhamisi na Ijumaa kimya. Jumatatu ya pili zinanunuliwa hisa 40 kwa 405, na Jumanne 300 kwa bei hiyo hiyo. Jumatano zinauzwa 2,000 kwa 390. Alhamisi kimya. Ijumaa mtu anaingia kwa simu yake ananunua hisa 60 kwa 405, na wiki inafungwa.

Chati itachora hadithi yenye misukosuko: imeshuka asilimia 3.7, ikapumzika, ikapanda asilimia 3.8, ikatulia, ikashuka tena, ikapanda tena. Msomaji ataona sakafu kwenye 390, kwa sababu bei "imejaribiwa" mara mbili na kurudi juu, na dari kwenye 405. Atachora mistari miwili na kuipa jina. Mistari hiyo ipo kweli, ila si sakafu wala dari ya soko. Ni foleni mbili zilezile zilizosimama pale tangu Jumatatu ya kwanza, na bei ilikuwa ikigonga hii kisha ile.

Sasa tufanye jambo ambalo chati haifanyi: tuhesabu hisa badala ya siku. Kwa 405 zilinunuliwa jumla ya hisa 600. Kwa 390 ziliuzwa hisa 3,500. Kati ya hisa 4,100 zilizobadilisha mikono, zaidi ya asilimia 85 zilikwenda kwa bei ya chini, yaani zilisukumwa na wauzaji wenye haraka. Ukichukua wastani wa bei kumi za kufungia, kama wanavyofanya wanaotumia wastani unaosogea, unapata 397.5, na bei ya Ijumaa, 405, iko juu ya wastani huo. Vitabu vinaiita dalili ya kununua. Ukichukua wastani uliopimwa kwa kiasi, yaani fedha zote zilizolipwa ukizigawa kwa hisa zote zilizouzwa, unapata takriban 392. Fedha nyingi ziko chini, karibu na mnunuzi. Wastani wa kwanza umehesabu kila siku kuwa sawa na mwenzake, siku ya hisa 2,000 sawa na siku ya hisa 60, na siku za kimya zikapewa kura kana kwamba nazo zilikuwa na la kusema.

Hebu tukae kidogo na hizo hisa 60 za Ijumaa. Thamani yake ni shilingi 24,300. Kwa fedha hiyo mtu mmoja ameandika bei ya kampuni nzima kwa mapumziko ya wiki na kwa kila siku ya kimya itakayofuata. Kama biashara yake ingekuwa kwa 390, thamani ya kampuni kwenye taarifa ya soko ingekuwa pungufu kwa shilingi milioni 750. Masoko yanalijua tatizo hili na yana njia za kulipunguza. Nairobi, kwa mfano, bei ya kufungia ni wastani wa biashara za siku uliopimwa kwa kiasi, ili odda ndogo ya dakika ya mwisho isitawale siku nzima. Njia hiyo inasaidia siku yenye biashara nyingi. Siku yenye biashara moja ya hisa 60, wastani wake ni biashara hiyo hiyo. Na huleta kioja kidogo chake: siku hisa zikiuzwa kwa 390 na kwa 405, taarifa itatoa bei kama 393, ambayo hakuna mtu aliyeilipa wala kuipokea.

Mazungumzo ya ofisi za madalali yana mfano wa jambo hili karibu kila wiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hisa zangu zimeanguka leo? Kuna habari gani kwenye kampuni?"

"Hakuna habari, mama. Kuna mtu kauza, ana shida ya ada ya shule. Mnunuzi ni yule yule wa juzi, na bei yake ni ile ile."

Kupima ukubwa wa pengo bila kuiona foleni kunawezekana. Mwaka 1984 Richard Roll alionyesha kwamba kugonga juu na chini kwa namna hii kunaacha alama kwenye bei zenyewe: ongezeko hufuatwa na punguzo, na punguzo hufuatwa na ongezeko, zaidi ya vile bahati ingeruhusu. Njia yake ni kuchukua mabadiliko ya bei kutoka biashara moja hadi nyingine, kuzidisha kila badiliko kwa lile linalolifuata, na kutafuta wastani. Wastani ukiwa hasi, ondoa alama ya hasi, tafuta kipeo chake cha pili, kisha zidisha kwa mbili. Katika mfano wetu mabadiliko ni −15, +15, 0, −15, +15. Mazao yake manne ni −225, 0, 0 na −225, wastani −112.5. Kipeo cha pili cha 112.5 ni kama 10.6, na mara mbili yake ni shilingi 21. Pengo halisi tunajua ni 15. Jibu limekosea kwa sababu biashara sita ni chache mno, na huo ndio udhaifu wa hesabu hii kwenye hisa zinazoihitaji zaidi. Ichukue kama harufu ya pengo, si kipimo chake. Ukiweza kuiona foleni yenyewe, kwa dalali au kwenye programu ya simu, acha hesabu na usome foleni.

Vipimo vingine maarufu vina tabia mbaya zaidi, na inafaa kujua kwa nini. Kipimo cha RSI, alichokitunga Welles Wilder na kukichapisha mwaka 1978, hulinganisha wastani wa siku za kupanda na wastani wa siku za kushuka. Siku isiyo na badiliko hupunguza wastani zote mbili kwa uwiano uleule, kwa hiyo uwiano kati yao haubadiliki. Maana yake ni kwamba hisa ikipanda, RSI ikafika 75, kisha ikalala miezi miwili, RSI itabaki 75 kwa miezi yote miwili, ikipiga kelele kwamba hisa imenunuliwa kupita kiasi, wakati hakuna aliyenunua hata moja. Mikanda ya Bollinger nayo hufuata mtawanyiko wa bei za siku 20. Bei ikiwa ileile kwa siku 20, mtawanyiko ni sifuri, na mikanda miwili inalaliana juu ya bei. Biashara yoyote itakayofuata, hata ya tofauti ya shilingi 5, itatangazwa kuwa imevunja mkanda. Sijapata kuona mtu aliyefaidika na ishara hiyo, ila nimeona wengi waliomlipa dalali kamisheni kwa ajili yake.

Sasa turudi kwenye kampuni yetu, kwa sababu wiki ya tatu ndiyo yenye fundisho kubwa. Yule mnunuzi wa 390 alitaka hisa 8,000 na amepata 3,500, bado 4,500. Hapa chati inaruhusu tafsiri mbili zinazopingana. Huenda ni mtu mwenye subira na fedha, anayekusanya kila kinachouzwa, na atakaporidhika wauzaji watakuwa wamekwisha. Au huenda ni mtu mmoja tu aliyesimama kati ya hisa na bei ya chini zaidi. Tofauti kati ya hayo mawili haimo kwenye bei iliyopita hata kidogo. Imo kwenye kiasi anachotaka: je, akichukuliwa 2,000 huongeza odda yake, au anaiacha ipungue?

Jumanne ya wiki ya tatu anaifuta. Anayemfuata kwenye foleni anatoa 370 kwa hisa 1,000. Alhamisi muuzaji mpya mwenye hisa 2,500 anajitokeza kwa 400, chini ya wale wa 405. Hakuna anayemjibu. Jumatatu ya wiki ya nne anashuka hadi 390. Bado kimya. Katikati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji palikuwa 397.5, sasa ni 380, kushuka kwa zaidi ya asilimia 4. Chati inaonyesha nini kwa siku hizo saba za soko? Mstari ulionyooka kwenye 405, bei ya zile hisa 60. Kisha Jumatano yule muuzaji anachoka, anaachia 1,000 kwa 370, na chati inaonyesha hisa imeporomoka asilimia 8.6 kwa siku moja. Mtaani watu wataanza kutafuta habari ya Jumatano. Habari ya Jumatano haipo. Kilichotokea kilitokea Jumanne ya wiki iliyotangulia, odda moja ilipofutwa, na odda inayofutwa haiachi nukta kwenye chati yoyote.

Kuna namna nyingine ya kulala inayotokana na kanuni zenyewe. Masoko haya huweka kikomo cha bei kusogea kwa siku moja. Nairobi ni asilimia 10 juu au chini ya bei ya kufungia ya awali. Nia ni njema, kuzuia hofu na uchezeaji. Lakini fikiria hisa ambayo watu wanaamini ina thamani pungufu kwa asilimia 25 kuliko bei iliyoandikwa. Mnunuzi anayetaka kutoa bei yake ya kweli hawezi kuiweka, mfumo unaikataa. Hivyo upande wa wanunuzi unakuwa mtupu, upande wa wauzaji una foleni ndefu ukingoni mwa kikomo, na bila biashara bei ya rejea haisogei, na bila bei ya rejea kusogea kikomo nacho hakisogei. Ukiona hisa yenye wauzaji wengi, haina mnunuzi hata mmoja, na bei "imara", usiite uimara. Pindi biashara zinapoanza kupita, chati hushuka kwa ngazi, hatua moja kila siku yenye biashara, na ngazi hizo ni urefu wa kikomo, si maoni ya soko.

Safu ya kiasi nayo ina mtego wake. Utaona siku moja nguzo kubwa ajabu, hisa milioni kadhaa kwenye hisa ambayo huuza mia mbili, na bei haijasogea hata shilingi. Mara nyingi hiyo ni biashara iliyopangwa kati ya wakubwa wawili, mfuko na mfuko, ikapitishwa kwenye ubao wa mauzo yaliyopangwa. Dar taarifa ya soko huitenga na biashara za kawaida, lakini tovuti nyingi za chati zinaijumlisha. Ukihesabu wastani wa kiasi cha mwaka ukiwa na nguzo hiyo ndani, utadhani hisa ina ukwasi ambao haina. Itoe kwanza.

Na gawio. Kwenye soko kubwa, siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio bei hushuka karibu sawa na gawio, kwa sababu anayenunua kuanzia siku hiyo hatalipata. Hisa iliyolala haishuki. Kama kampuni yetu ililipa shilingi 30 kwa hisa baada ya ile biashara ya 405, basi 405 ni bei ya hisa pamoja na shilingi 30 ambazo tayari zimeingia mfukoni kwa mtu mwingine. Anayeilinganisha na faida ya kampuni leo analinganisha vitu visivyolingana. Kabla ya kuitumia bei yoyote iliyolala, tazama tarehe ya biashara ya mwisho, kisha uliza kama hisa ilianza kuuzwa bila haki ya gawio kati ya tarehe hiyo na leo.

Chati inayofaa unaweza kujichorea kwa jedwali la kawaida la kompyuta na taarifa ya kila siku ya soko. Weka tarehe kwenye safu ya A, bei ya kufungia B, kiasi C, bei ya mnunuzi wa juu D, na ya muuzaji wa chini E. Kwenye F weka fomula inayofuta nakala:

```
=IF(C2>0,B2,NA())
```

Siku ambayo hakuna kilichouzwa, fomula haitoi bei. Chora safu ya F kwa nukta peke yake, bila mstari wa kuziunganisha. Mstari ndio unaodanganya, kwa kuwa unadai bei ilipita mahali ambapo haikupita. Kisha chora D na E kama mistari miwili juu na chini ya nukta. Utashangaa jinsi picha inavyobadilika. Kile kilichokuwa mawimbi kinakuwa nukta zinazogonga kuta mbili. Kile kilichokuwa utulivu kinakuwa nafasi tupu yenye kuta zinazosogea. Mwelekeo wa kweli utauona kuta zote mbili zinapohamia upande mmoja, na utauona hata kama hakuna nukta. Ukuta mmoja ukisogea peke yake, pengo limepanuka au limepungua, na hiyo ni habari kuhusu ugumu wa kuuza na kununua, si kuhusu thamani ya kampuni.

Tahadhari moja juu ya jedwali hili: foleni ya mwisho wa siku ni picha ya dakika moja. Odda inaweza kuwekwa asubuhi na kufutwa mchana kwa nia ya kuwatisha wengine. Odda iliyosimama wiki nzima bila kusogea ina uzito. Iliyotokea saa kumi kasoro isubiri hadi kesho.

Yote haya yakishaeleweka, swali la kununua linakuwa hesabu fupi. Rudi kwenye wiki ya kwanza, 390 kwa 405. Ada za dalali, soko na mamlaka kwa odda ndogo tuziweke asilimia 2 kila upande, ambazo haziko mbali na hali halisi ya Dar. Ukinunua kwa 405, gharama yako ni kama 413. Ili uuze kwa mwenye kununua na urudishe fedha yako tu, bei ya mnunuzi lazima ipande kutoka 390 hadi karibu 422. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8 kabla hujapata senti. Ishara yoyote ya chati inayoahidi asilimia 4 ndani ya kuta hizi inakuahidi hasara. Anayeweka odda yake ndani ya pengo, tuseme 395, anajiokolea shilingi 10 kwa kila hisa kwa gharama ya kusubiri, na kwenye hisa ya namna hii kusubiri wiki tatu si jambo la ajabu.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Kampuni yetu iliuza hisa 4,100 kwa siku kumi, wastani wa 410 kwa siku. Mwenye hisa 10,000 akiamua kuuza bila kuisukuma bei, na akaridhika kuwa sehemu ya tano ya biashara yote, atauza 82 kwa siku. Atahitaji siku 122 za soko, yaani karibu nusu mwaka. Akitaka fedha yake mwezi huu, ana njia mbili: kushuka foleni hadi 370 na chini zaidi, akiichora chati kwa mkono wake mwenyewe, au kumpigia dalali aulize kama kuna taasisi inayotaka mzigo wote kwa mkupuo, na kwa punguzo gani.